Naomba ushauri: matone ya maji yanapotea kwenye anga jeupe

Habari wakuu. Nina picha ya mtumbwi ukipasua wimbi karibu na Jiwe la Bismarck hapa Mwanza. Maji yameruka mbele ya mwamba ulio kivulini, na mteja wa bango anayataka juu ya anga jeupe la asubuhi.

Kuyakata maji kwa Pen Tool ya Photoshop kunaua kingo, tone linabaki kama kipande cha plastiki. Kwa hiyo nilinakili chaneli ya Red, ambako maji na mwamba vinatofautiana zaidi, nikaikaza kwa Levels mpaka mwamba ukawa mweusi tii, nikaifanya Layer Mask. Hata ule ukungu mwembamba umebaki, umependeza kweli.

Juu ya bluu iliyokolea, blending mode ya Screen inamaliza kazi. Juu ya anga jeupe matone hayaonekani, maana Screen huongeza mwanga tu, wakati tone halisi mbele ya anga jeupe hutambulika kwa ukingo wake mweusi.

Nawaza leya mbili: Multiply ya kingo, juu yake Screen ya mng'ao. Lakini hizo kingo nyeusi nizitoe wapi, ikiwa picha yenyewe ilipigwa mbele ya mwamba mweusi? Nizipake kwa brashi, au nikapige upya maji yakiwa mbele ya anga?