Mrejesho: fasili katika mkataba wa upangishaji wa hoteli, Paje

Niliuliza: "Nifupishe vipi mkataba mrefu bila ya kupotosha maana ya maneno yake?"

Ahsanteni. Nilitafuta alama za kunukuu na "maana yake" katika waraka mzima, kwani kifungu cha tafsiri hakibebi kila fasili. Nyengine zimo ndani ya majedwali. Kifungu cha 1 kinasema "Eneo" ni kiwanja na majengo, ilhali Jedwali la 2, kwa madhumuni yake tu, linaongeza kisima cha jirani. Kwa hiyo muhtasari hausemi "hoteli", bali "Eneo (kifungu cha 1)" penye kodi na "Eneo (Jedwali la 2)" penye matengenezo; la sivyo mpangaji angedhani amekikodi kisima anachotakiwa kukitengeneza tu. "Gharama za Pamoja", lenye herufi kubwa lakini halina fasili popote, nimeliacha lilivyo na kumuuliza wakili.