Nimepata 42 kati ya 70, wamenihesabia kama 42 kati ya 100!!

tulia_kwanza:
Wakuu nina hasira hata chakula hakipiti. Matokeo yametoka jana, somo la takwimu nimepewa 56, B, wakati B+ nilikuwa naiona kabisa, ikabidi nishike kalkuleta nihesabu upya moja moja. CA ni hivi, testi ya kwanza 18 kati ya 30 na inabeba 15, kwahiyo 9. Testi ya pili 34 kati ya 40 nayo inabeba 15, inakuja 12.75. Asaimenti 9 kati ya 10, inabeba 10, ni 9 ileile. Jumla 30.75 kwenye 40, na kwenye akaunti yangu iko hivyohivyo, hapo sina neno. Sasa UE nimeandikiwa 25.2 kwenye 60!! Mtihani ulikuwa na sehemu A alama 10 na maswali matatu ya alama 20 kila moja, hiyo ni 70, na skripti nimeonyeshwa nina 42. Gawanya kwa 70 zidisha kwa 60 unapata 36. Wao wamegawanya kwa 100 ndo ikatoka 25.2! Nilitakiwa nipate 66.75, karibu alama 11 zimeenda, halafu ofisini naambiwa mfumo haukosei. Mfumo si anaujaza mtu jamani??

mzee_wa_sapu:
Afadhali wewe, mimi nilirudia mtihani nikafaulu vizuri tu wakaniwekea C. Hawa watu hawana huruma

kinyonga88:
Mbona unajipunja, jumlisha zote. 18+34+9+42 ni 103, juu ya 150, unapata kama 69

fundi_hesabu:
@kinyonga88 hapana, ukijumlisha hivyo UE inabeba 70 ya 150, yaani chini ya asilimia 47, wakati utaratibu wao ni 60. Kila karatasi igeuzwe kwa jumla yake kwanza ndo mjumlishe.
@tulia_kwanza 66.75 yako iko sawa. Nahisi kwenye Eksel kuna hii:
```
=E2*60/100
```
badala ya
```
=E2*60/70
```
Kama ndivyo basi darasa zima limeumia, kwasababu hata aliyepata 70 zote angeishia 42 kwenye 60. Ulizia, kuna mtu yeyote ana UE zaidi ya 42? Akipatikana hata mmoja basi si darasa zima lililoumia.

tulia_kwanza:
Nimeuliza kwenye grupu. Anayeongoza darasa ana 39, yaani 65 kati ya 70, na skripti yake aliiona!! Wengine wanaogopa kutuma zao.

kinyonga88:
Labda mwalimu alikusudia iwe kati ya 100?

fundi_hesabu:
Maswali ya 70 huwezi kuyapima kwa 100. Andikeni rufaa pamoja, ambatanisha karatasi ya maswali, na muda wa rufaa usiwapite.

tulia_kwanza:
Tuko wanne tu waliokubali kusaini mpaka sasa. Jumatatu asubuhi niko mlangoni kwa mkuu wa idara