Shoga kapata bwana, mimi nimeachwa kwenye mataa

Wakuu, habari za jioni. Humu mimi ni msomaji wa kimya kwa miaka, leo nafungua uzi kwa sababu mambo kama haya huwa namwambia mtu mmoja tu, na huyo mmoja ndiye ninayemlalamikia.

Mimi na shoga yangu tuna urafiki wa miaka 11. Tulikutana hosteli, tukalala chumba kimoja hadi tunamaliza chuo, tukaingia kazini ofisi tofauti hapa hapa Dar. Tangu kabla Soko la Karume halijaungua ile Januari 2022, Jumamosi zetu ni moja: saa kumi na moja alfajiri tunakutana kituoni, tunakwenda Karume kuchagua nguo za mtumba, blauzi na magauni ya ofisini. Tunafua, tunapiga pasi, tunauza kwa wafanyakazi wenzetu na kwenye WhatsApp. Mtaji nusu kwa nusu. Tukimaliza kuchagua tunakunywa chai ya maziwa na chapati kwa mama mmoja hapo pembeni, na hapo ndipo maneno ya wiki nzima yanapotoka.

Aliyewahi kuchagua anajua kazi ile ni ya watu wawili. Belo likifunguliwa watu wanazama, unavuta kizuri unarundika pembeni, na lazima mtu asimame juu ya rundo. Ukigeuka kidogo, mama wa watu kashalikunja gauni lako na macho makavu. Yeye ndiye mwenye jicho na mkono: anashika kitambaa taa haijawaka vizuri anakwambia "hiki kitachuja, acha." Mimi nalinda rundo na kupatana bei. Hatukuwahi kugawana hizo kazi kwa maneno.

Februari akapata mtu. Nilifurahi, naapa. Gauni la kijani alilotokea nalo siku ya kwanza nilimchagulia mimi, na lilikuwa la biashara. Sijamdai.

Mwezi wa kwanza nilimwelewa. Mapenzi mapya, nani hajui. Wa pili nikaanza kuona vitu vidogo. Sisi wote tuko mtandao mmoja, kwa makusudi, ili tutumie dakika za kifurushi cha wiki. Zamani kufika Alhamisi zimekwisha tunaanza kukopa. Sasa hivi naletewa ujumbe kwamba kifurushi kinaisha usiku wa leo na dakika 180 ziko pale pale. Nikipiga: "Besti, nitakupigia." Nimehesabu, ya mwisho ilikuwa sekunde 47. Hapigi.

Mwezi wa tatu ndio huu. Jumamosi iliyopita tulikubaliana, yeye mwenyewe kaandika "kesho lazima." Saa kumi na moja nipo kituoni na kiroba kimekunjwa mkononi, giza, mbwa wanapita. Kumi na moja na nusu simu inaita haipokewi. Nikaenda peke yangu. Belo la blauzi likafunguliwa, nikavuta nane, nikageuka kuangalia ya tisa, narudi zimebaki tano. Nikajikuta nimekaa juu ya rundo kama kuku anayeatamia, wenzangu wanachagua, mimi siwezi kunyanyuka. Nimerudi na vipande 9. Nimevifua, viwili vimechuja.

Saa tatu asubuhi: "Jamani nilipitiwa na usingizi 😭." Sawa. Jioni naangalia status: Coco Beach, mihogo, pilipili, mikono miwili kwenye sahani moja. Huko hakupitiwa.

Ila kinachonitoa roho si hiyo. Jamaa ana kazi inayompeleka Morogoro, mara mbili kwa mwezi hivi. Akisafiri tu, simu yangu inaita. "Besti nimekumiss, uko wapi, nije?" Anakuja, tunacheka kama zamani, analala kwangu. Jamaa akirudi, kimya. Mara ya tatu ndipo nikagundua kwamba ratiba ya urafiki wangu inapangwa na safari za mwanaume nisiyemjua hata jina la baba yake. Mimi nimekuwa spea tairi.

Msiniambie nitafute bwana na mimi.

Mpenda_Mihogo
Nimekaa paleee nasubiri wajuzi. Ila wahenga walishamaliza: kipya kinyemi ingawa kidonda.

Fundi Redio
Mleta mada, jamaa ndiye anamzuia. Wanaume wa hivi nawajua, kwanza anakata mashoga, halafu ndugu, halafu anabaki na mtoto wa watu ndani kama mateka. Mwokoe mwenzio mapema.

Kiguu na Njia
Hapa ishu ni mtaji. Mwende kwa mjumbe, andikishaneni, akurudishie nusu yake ya hasara. Biashara na urafiki havichanganywi.

Mleta mada
@Kiguu na Njia ndugu yangu, umesoma uzi wote au umeishia kwenye belo? Hela ipo, sidai hela.
@Fundi Redio hamzuii. Nilishamsikia kwa sikio langu akimwambia "nenda na rafiki yako, mimi nitapumzika." Ni yeye hataki kwenda.

Konda wa Zamani
Pole dada. Sisi wanaume hatusemi ila yanatukuta. Nilikuwa na jamaa yangu, kila Simba na Yanga zikikutana tunaangalia pamoja kibanda umiza kile kile, benchi lile lile, yeye Yanga mimi Simba. Akaoa. Derby ya kwanza akasema ana mgeni. Ya pili sikumwambia, nikamsubiri anitafute. Hakunitafuta. Sasa mwaka wa nne, tukikutana barabarani "mambo," "poa," basi. Hatujagombana hata siku moja. Yaani ningefurahi kama tungegombana.

Mnyonge wa Mlimani
Konda umenigusa.

Mleta mada, nikuongezee kitu ili usidhani umelogwa. Yupo profesa wa Oxford, Robin Dunbar, mwaka 2010 alieleza matokeo ya kuwauliza watu zaidi ya 500 kuhusu watu wao wa ndani kabisa, wale unaowakimbilia dunia ikikuangukia. Kwa kawaida mtu ana watano hivi. Waliokuwa na wapenzi walibaki na wanne, na mmoja kati ya hao wanne ni huyo mpenzi. Piga hesabu: kaingia mmoja, wametoka wawili. Sababu aliyoitoa haina uchawi, ni muda tu. Usipoonana na mtu, ukaribu unashuka wenyewe bila ugomvi, kama ilivyomtokea Konda.

Sasa angalia upande wako. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alifuatilia watu waliohamia mji mpya na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, akaona mtu hadi awe rafiki wa karibu kabisa zinahitajika saa zaidi ya 200 za kuwa pamoja. Nyie Karume mnakaa saa ngapi, tano? Basi saa 200 ni Jumamosi 40. Ndiyo maana ukiambiwa "tafuta rafiki mwingine" unapandwa na hasira. Unaambiwa uanze Jumamosi ya kwanza, tena na mtu asiyejua kitambaa kinachochuja.

Ila hapo hapo nikuulize kitu. Marafiki wanaobaki mara nyingi ni wale ambao yule mpenzi naye anawajua, maana kuwaona hakumgharimu mtu jioni nyingine. Wewe umekaa na huyo jamaa mara ngapi?

Mleta mada
Mara moja. Dakika kumi, kwenye gari lake, walinishusha Ubungo. Hajawahi kunialika. Na hizo namba zako zinaniumiza kuliko kunisaidia, ila asante.

Fundi Redio
Maprofesa wa Ulaya hawajui wanaume wa Dar. Narudia, anazuiwa kwa akili. Hilo la "nenda na rafiki yako" ni geresha.

Mama Wawili
Dada, mimi nilikuwa huyo shoga yako, kwa hiyo nitasema unalolichukia.

Nilipompata baba watoto nilimpoteza rafiki yangu wa utotoni, na miaka yote nilisema ni yeye aliyebadilika. Ukweli ni kwamba ile miezi ya mwanzo sikuwa na akili, mtu ananiongelesha nasubiri simu iite. Hilo ni kosa langu. Lakini kulikuwa na jingine. Kila nikianza kumsimulia habari za yule kaka, ananuna. Hamtaji jina, anasema "huyo wako." Nikikosea siku moja natajiwa mwezi mzima. Ikafika mahali kumpigia ni kama kwenda kuripoti kwa mwalimu wa zamu. Kwa hiyo nilikuwa nampigia rafiki yangu pale tu baba watoto akisafiri, siyo kwa sababu yeye ni spea. Nilijua siku hiyo sitaulizwa "huyo wako yuko wapi."

Sisemi na wewe uko hivyo. Ila nimesoma uzi wako mara mbili, jina lake sijaliona hata la kubuni. "Mtu." "Jamaa." "Mwanaume nisiyemjua jina la baba yake."

Mpenda_Mihogo
Mama Wawili kashusha nondo 🔥

Mleta mada
Nimenyamaza kidogo kwa sababu nimeenda kusoma chati za nyuma. Nimeandika "huyo wako" mara kumi na moja. Mara moja nimeandika "mfalme."

Haya, nakubali hilo. Ila mama, sikubali yote. Kuniacha kituoni gizani haikuwa kwa sababu ya kununa kwangu. Angeweza kuandika usiku ule ule "siji," nikalala. Mtu akikuogopa hakuachi peke yako saa kumi na moja alfajiri, anakudanganya mapema.

Mama Wawili
Hapo umenishinda. Mimi sikuwahi kumwacha mtu kituoni.

Mnyonge wa Mlimani
Basi usimwambie "huna muda na mimi," maana atakujibu "ninao" mtabishana hadi asubuhi. Mwambie habari ya kituoni, hiyo moja, na zile blauzi tatu. Halafu mwombe Jumamosi moja kwa mwezi, jamaa awepo Dar au asiwepo. Akishindwa hiyo moja utakuwa umepata jibu.

Konda wa Zamani
Mimi ningemwita na jamaa aje Karume. Abebe kiroba.

Mleta mada
😂 Konda umenichekesha nikiwa na hasira zangu.

Jamani, naandika hapa imeingia meseji yake sasa hivi. "Besti J'mosi upo? Nimekumiss, twende Karume." Nimeenda moja kwa moja kuangalia status ya jamaa, ndiyo, namba yake ninayo. Kapiga picha ya Mizani ya Mikese. Yuko njiani Morogoro.

Sijajibu.

Kiguu na Njia
Samahani, lile gauni la kijani lilikuwa shilingi ngapi?