Mboga zinaganda droo ya chini ya friji: tatizo ni dampa au themostati?

Habari wakuu, naomba ushauri kwa mafundi friji. Ni friji ya milango miwili ya feni, friza juu. Sukuma wiki kwenye droo ya chini inaganda, na ikiyeyuka inalegea na kutoa maji. Kipimajoto kilicholazwa usiku kucha ndani ya glasi ya maji kinasoma nyuzi 0 karibu na droo, 4 rafu ya juu. Friza ni -18.

Themostati inasoma friza tu. Dampa, yaani kilango kinachopitisha hewa ya friza kwenda kwenye friji, ikibaki wazi, hewa hiyo inashuka chini, friza inachelewa kufikia baridi yake na kompresa inazidi kuzunguka. Nimepunguza themostati: friza ikapanda hadi -11, mboga bado zinaganda. Raba za milango ni nzima. Hata dampa ikiwekwa namba ya chini kabisa, karatasi nyembamba inapepea mbele ya tundu la hewa.

Kabla sijafungua kava, nitajuaje kama kilango kimekwamishwa na barafu au kimevunjika mkono wake? Na nikishakibadilisha, nianze kuseti themostati au dampa? Natanguliza shukrani.