Daftari, Excel au kumbusho la simu: kipi kinakutoleeni pesa hotelini?

MbogaMwera
Asalaam aleikum wenzangu. Mimi napeleka mboga na matunda hoteli tatu za upande wa Kiwengwa na Pwani Mchangani. Mauzo ni ya mkopo wa siku 30, ankara napeleka mara mbili kwa mwezi. Mpaka sasa naandika kwenye daftari: jina, tarehe, kiasi, na nikilipwa napiga mstari. Nikiona mtu kachelewa namtumia ujumbe wa WhatsApp.

Hoteli moja imenishinda. Nilipeleka ankara tatu: 041 ya tarehe 15 Januari, 1,240,000, 046 ya 31 Januari, 980,000, 052 ya 15 Februari, 1,310,000. Tarehe 12 Machi wakaniingizia benki 2,000,000 kavu, bila maelezo. Nikafunga 041, iliyobaki 760,000 nikaitia kwenye 046. Kwa hiyo nawadai 220,000 ya 046 na 052 yote. Nshawakumbusha mara tano kuhusu hiyo 220,000, ujumbe unasomwa, hawajibu.

Nataka kubadilisha. Nihamie Excel, ninunue programu ya mahesabu, au nibaki na daftari ila nikumbushe kwa ukali zaidi? Masika haya yapo mlangoni na hoteli zitafunga.

SamakiNungwi
Daftari litupe leo. Mie nina Excel kwenye simu, safu moja ina fomula, kila nikifungua naona deni limepitiliza siku ngapi. D ni tarehe ya mwisho ya kulipa, G ni salio:

```
=IF(G2>0,TODAY()-D2,"")
```

Nambari ikiwa chini ya sifuri, bado siku zake. Ikifika 1 natuma ujumbe, 7 napiga simu, 15 naenda mwenyewe, 30 nasimamisha samaki. Sibembelezi mtu. Angalia tu tarehe uziandike kwa mkwaju, 15/02/2025. Ukiandika kwa nukta inaweza kuzichukua kama maneno na kukuletea #VALUE!. Utazijua, zinaegemea kushoto mwa kisanduku badala ya kulia.

DukaWete
Huku Pemba mambo ya siku 30 hayapo. Mimi nina duka la unga na mafuta, wateja wangu wengi wanalipa karafuu zikiuzwa. Mtu akichukua mchele leo, kumkumbusha kila wiki ni kumtia aibu bure, pesa hana mpaka avune na apeleke ZSTC. Mie kwenye daftari siandiki tarehe ya kulipa, naandika "karafuu". Siku akitoka kupimiwa namwona mwenyewe na anajua namwona.

MbogaMwera
Ahsante bibie, ila mimi wateja wangu ni hoteli, hawavuni karafuu 😄

MhasibuMstaafu
Usimcheke huyo wa Wete, kasema kitu kuliko sisi sote. Kumbusho linafaa siku pesa ipo na mtu anayepanga nani alipwe ameketi mezani. Mimi nimekaa upande wa pili miaka mingi, ofisi ya hesabu ya hoteli, nikipokea hayo majumbe yenu. Hebu nieleze tunavyoyaona.

Kwanza, hoteli nyingi hazilipi kila siku. Zina siku ya malipo, kwetu ilikuwa Alhamisi. Orodha ya kulipwa inaandaliwa Jumatatu, Jumanne inakwenda kwa meneja kusainiwa. Ukinikumbusha Jumatano, orodha imeshatoka mkononi mwangu, na Jumatatu inayofuata nimeshakusahau. Kwa hiyo ngazi za ndugu yetu wa samaki, 1, 7, 15, 30, ni nzuri kwa nidhamu yake, lakini zinaweza kuangukia siku mbovu kila mara.

Pili, siku 30 zenu mnazihesabu tangu lini? Wewe unahesabu tangu siku uliyoandika. Mimi nilihesabu tangu ankara ilipoingia ofisini na kugongwa muhuri wa kupokelewa. Ukimwachia mpishi karatasi pamoja na matikiti, inaweza kukaa jikoni wiki tatu.

Sasa kesi yako, mwanangu. Jumla unayodai ni 1,530,000, sivyo? Nakisia na wao daftari lao linasema 1,530,000, ila si za ankara zile zile. Ukimdai mhasibu 220,000 ya 046, na kwake 046 imefungwa zamani, atafikiri wewe ndiye umechanganyikiwa. Hajibu. Muulize swali moja tu: ile 2,000,000 mlilipia nambari gani?

MbogaMwera
Nimepiga simu sasa hivi. Wallahi umesema kweli! Wao walilipa 046 yote, 980,000, na 1,020,000 ya 052. Kwao 052 imebaki 290,000. 041 hawajaigusa kabisa, 1,240,000 yote. Anasema ina tatizo la nyanya: mimi nimeandika kilo 60, hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa na jikoni ina 48.

MhasibuMstaafu
Kilo 12 zilikuwa shilingi ngapi?

MbogaMwera
2,500 kilo. 30,000 😩

MhasibuMstaafu
Basi kwa elfu thelathini umelaliwa 1,240,000 tangu Januari. Ankara yenye ubishi haisubiri zamu, inawekwa pembeni kabisa na hakuna anayekwambia. Angalia nakala yako ya hati. Kama kweli ni 48, wapelekee hati ya punguzo ya 30,000 yenye nambari ya 041, ibaki 1,210,000, na usiondoke bila muhuri. Jumla utakuwa unadai 1,500,000.

Kuhusu programu au daftari: chochote utakachotumia, ongeza sehemu mbili. Moja, tarehe ya kupokelewa ofisini. Nyingine, sababu ya kutolipwa, kwa maneno: "haijafika", "ubishi", "inasubiri saini", "hawana pesa". Ni ile ya mwisho tu inayohitaji ukali. Hizo nyingine ukituma kumbusho mara kumi ni kelele.

SamakiNungwi
Sawa mzee, nakubali siku ya malipo sikuwahi kuuliza. Lakini wapo wanaokupiga danadana makusudi. Mie naona tuandike kwenye ankara: ukichelewa, asilimia 5 juu kwa mwezi. Utaona watakavyokimbia.

BintiFuoni
Hiyo ni riba, kaka. Mimi siili. Ninachofanya mimi (nafua mashuka ya nyumba za wageni) bei yangu ya kawaida ni ya mkopo, anayelipa siku ya kupokea namshushia kidogo.

SamakiNungwi
Si ndiyo yale yale kwa mlango wa nyuma?

BintiFuoni
Si yale yale. Bei mnakubaliana siku ya kuuza, na akichelewa haiongezeki. Kaulize kwa mashekhe, mimi si mwanachuoni.

MhasibuMstaafu
Hilo la riba sitii mkono. Ila kwa hesabu tu, adhabu ambayo haikuwamo kwenye makubaliano ya mwanzo hailipwi, inakuongezea ubishi mwingine. Kusimamisha mzigo kunafanya kazi zaidi, mradi hoteli ina wageni. Ukisubiri Aprili usimamishe, mboga za nani watazitaka?

MbogaMwera
Nimeipata nakala. Ni 48 kweli, saini ya jikoni ipo, mimi ndiye niliyenakili oda badala ya kilichopokelewa. Naandika punguzo leo, kesho naipeleka mwenyewe ofisini. Siku yao ya malipo nimeuliza, ni Ijumaa, orodha wanaifunga Jumanne saa sita mchana. Nahamia Excel, ile fomula nimeichukua.

Swali langu la mwisho: ile hoteli ya tatu hainipi hati ya mzigo kabisa, mpishi anasema "tunaaminiana". Hapo nafanyaje?

DukaWete
Mpe kalamu.