Mjadala: Teksi mtandao Dar es Salaam, saa moja inalipa kiasi gani?

Dereva wa Kimara: Kila siku nikitoa mafuta naona nimebaki na fedha nzuri, lakini mwisho wa mwezi sizioni. Saa moja ya teksi mtandao inalipa shilingi ngapi kwa kweli?

Mama Mizania: Tuchukue siku ya saa 12 yenye nauli za 90,000. Kamisheni ya asilimia 25 inaondoka na 22,500. Gari dogo likitembea kilomita 130, zikiwamo za kumfuata abiria na za kurudi tupu, na lita moja ikilisukuma kilomita 13, utachoma lita 10, ambazo kwa bei ya 3,000 ni 30,000. Oili, matairi, breki na bushi tenga shilingi 70 kwa kila kilomita, yaani 9,100, hata kama siku hiyo hukuingia gereji, kwa sababu tairi huisha leo na hununuliwa mwezi ujao. Zinabaki 28,400, kama 2,370 kwa saa, na bima sijaigusa.

Kibwana: Saa 12 zimetoka wapi? Dereva hubeba abiria saa tano tu, zilizobaki yuko kivulini anacheza bao. Gawa kwa tano.

Mzee wa Tabata: Kauli hiyo imeniudhi, kijana wangu. Nikiwa kivulini simu iko wazi mkononi, na nikichelewa kuigusa safari inakwenda kwa mwingine. Mlinzi wa benki naye alipwe siku mwizi anapokuja tu?

Kibwana: Shikamoo mzee, lakini mlinzi ana mwajiri. Ninyi mnajiita mliojiajiri, na simu mnazima mnapotaka.

Mzee wa Tabata: Marahaba. Nikiizima, tajiri mwenye gari ataacha kudai hesabu yake ya jioni?

Boda wa Mbagala: Mimi nina pikipiki ya mkataba, kwa hiyo kamisheni hainihusu sana. Lakini LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, si iliiwekea kikomo cha asilimia 15?

Mama Mizania: Hiyo ilikuwa 2022, ndugu yangu. Uber ikasitisha huduma Aprili mwaka huo, na baadaye kikomo kikapandishwa hadi 25. Nanyi mnaobishana juu ya bao, tazameni kilomita tupu. Kwa hesabu yangu kila kilomita inagharimu kama shilingi 300. Safari ya nauli ya 5,000 inakuachia 3,750. Ikiwa ni kilomita sita, nawe umemfuata abiria kilomita nne, gari limekula 3,000. Umebaki na 750, pengine kwa dakika 40 za foleni.

Dereva wa Kimara: Gari langu si langu. Tajiri anachukua 25,000 kwa siku, ila sevisi ni juu yake.

Mama Mizania: Basi rudisha zile 9,100, utoe 25,000. Unabaki na 12,500, kama 1,040 kwa saa.

Kibwana: Kwa saa 12, au kwa tano?