MREJESHO: Alamu ya sukari kushuka usiku kwa mama

Niliuliza: "Skrinshoti ya apu ya sensa ya sukari anayovaa mama mkononi inaonyesha mstari umetumbukia chini ya ukanda wa kijani usiku na alamu imelia, lakini yeye anasema hajasikia chochote. Sukari imeshuka kweli?"

Jamani asanteni, jibu limepatikana. Mama yuko Igoma mimi niko Nyegezi, kwahiyo dada anayelala naye ndo alifanya kazi. Alamu ilipolia tena 02:10, yaani saa nane usiku, akamkuta mama kalalia mkono uleule wenye sensa, akamtoboa kidole hapohapo, apu inasema 3.1 kipimo cha kidole kinasema 6.4! Ukilalia sensa majimaji ya chini ya ngozi yanabanwa inasoma chini ya ukweli. Akamgeuza, baada ya muda mstari ukarudi wenyewe kwenye ukanda, ule wa 3.9 mpaka 10, bila kula kitu.

Sasa angalieni umbo. Ya kulalia inadondoka ghafla kama shimo halafu inapanda ghafla. Ila juzi jioni alichoma insulini akachelewa kula, mstari ukateremka taratibu, jasho na kutetemeka juu, kidole 3.4, hiyo ya kweli, akapewa nusu glasi ya soda ya kawaida (siyo ya zero jamani) akapimwa tena baada ya dakika 15.

Alamu hatujazima, umbo peke yake haliamui, kidole kwanza. Na kama hana nguvu au anaongea ovyo anapewa kitu cha sukari kwanza, kidole baadaye. Sensa mpya tutaweka mkono asiolalia.